Naomba ushauri: takwimu za mauzo kwenye barua ya maombi ya kazi

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nipo Wete, nauza tambi na juisi kwa jumla, mwaka wa pili sasa. Naomba kazi ya ofisa mauzo Unguja, na tangazo linataka "mafanikio kwa takwimu". Hapo ndipo nilipokwama.

Lengo langu lilikuwa katoni 400 kwa mwezi, yaani 4,800 kwa mwaka. Nimeuza 5,040, sawa na asilimia 105. Lakini ukiangalia mwezi mmoja mmoja, lengo nimelifikia miezi 7 tu. Ramadhani na mwezi uliotangulia ndiyo iliyonibeba, maana kila duka linajaza tambi.

Wateja wapya nimefungua maduka 38, kuanzia Wete mpaka Konde. Nimekaa na daftari la oda usiku kucha: walioagiza ndani ya miezi mitatu iliyopita ni 23. Wengine walichukua mara moja tu, basi. Chake Chake nilimshikia mwenzangu miezi miwili alipokuwa likizo, sijui kama naihesabu eneo langu.

Rasimu ya kwanza niliandika "asilimia 105, wateja 38, wilaya tatu". Kaka yangu akaniuliza, "Wakikuuliza wangapi bado wananunua?" Nikanyamaza.

Sasa, niandike ya mwaka peke yake au niitaje na ile miezi 7? Na wateja, nianze na 38 au 23?