Chati ya mitosisi na meiosisi: kwenye anafezi ni kromosomu 4 au 8?

Zuhra_B: Wakuu, naandaa chati ya kurudia. Nina safu tatu: mitosisi, meiosisi ya kwanza, meiosisi ya pili. Nimechora seli yenye kromosomu 4. Mpangilio wa hatua naukumbuka kwa PMAT: Pinda, Mstari, Achana, Tengana. Shida ni pale kwenye "Achana". Nimehesabu seli nzima, nikaandika 4 kwenye mitosisi na 4 kwenye meiosisi ya kwanza. Rafiki yangu kaandika 8 kote. Nani kapatia?

Mzee_wa_Darubini: Kila mmoja kapatia mara moja. Hesabu sentromia, usihesabu nyuzi. Kwenye mitosisi, kromosomu 4 zenye nyuzi mbilimbili zinasimama mstari mmoja. Sentromia zinapasuka, kila uzi unakuwa kromosomu kamili, kwa hiyo ni 8: nne juu, nne chini. Hapo rafiki yako yuko sawa. Meiosisi ya kwanza zinasimama wawiliwawili, jozi 2, na sentromia hazipasuki. Jozi ndizo zinazoachana, kila kromosomu inaondoka na nyuzi zake mbili. Zinabaki 4, mbili kila upande. Hapo umepatia wewe. Andika pembeni: "Ya kwanza waachana wenza, ya pili waachana mapacha." Mitosisi nayo ni mapacha.

Kalamu_Nyekundu: Basi safu ya tatu nakili ya mitosisi, ni kitu kilekile.

Mzee_wa_Darubini: Mwendo ni uleule, hesabu siyo. Kila seli inaanza na kromosomu 2, maana DNA hainakiliwi tena katikati. Mstarini zipo 2, zikiachana zinakuwa 4, mwisho kila seli mpya inabaki na 2. Ukinakili, chati itakuonyesha gameti yenye 4, na hapo utajua umekosea.

Msomaji_Usiku: Mimi nilikatwa alama kwa kuandika kwamba meiosisi inatoa mayai manne. Nakumbuka kwa "mei ni mayai", nikaona seli 4, nikajaza mayai 4. Kumbe yai ni moja, zile nyingine ni vijiseli vidogo vinavyokufa.

Zuhra_B: Mimi nimeuliza anafezi, ila hilo la yai naliongeza chini. Nimechora upya kwa rangi mbili, nyekundu ya mama na buluu ya baba. Ila nikishabadilishana vipande kwenye profezi ya kwanza, uzi mmoja una ncha ya buluu na mwenzake ni mwekundu mtupu. Bado niwaite mapacha?

Mzee_wa_Darubini: Kwenye sentromia bado wameshikana, ndiyo maana jina nimeliacha. Lakini si nakala sawasawa tena.

Kalamu_Nyekundu: Mimi ningewaita ndugu, mapacha wabaki kwenye mitosisi.

Mzee_wa_Darubini: Ukiwa na majina mawili, kumbuka sentromia inapasuka kwa wote.