Macho kuwaka na kichwa kuuma baada ya kompyuta: tupeane uzoefu

Karani_Mtaa: Wakuu, jana jioni nimefunga kompyuta, nimetoka nje nikashindwa kusoma kibao cha daladala. Macho yanawaka kama nimemenya vitunguu, kichwa kinavuta juu ya nyusi. Nashinda muda wa saa tisa kwa siku kwenye mahesabu. Mwezi uliopita nilipimwa, nikasoma ubao wa herufi mpaka mstari wa chini, nikaambiwa macho mazima. Yaliyowakuta yaliishaje?

Mjukuu_wa_Pangani: Hilo la "macho mazima" limenikumbusha mbali. Nilikuwa na miaka 27, naandika hesabu za duka la jumla Kariakoo. Kichwa kilianza saa nane mchana, Ijumaa kibaya kuliko Jumatatu, Jumapili hakipo kabisa. Nilipima malaria mara tatu, hamna kitu. Nikawa nameza dawa za maumivu kama karanga. Siku ya kufunga mwaka 3 na 8 zikawa zinafanana, laki tatu na themanini nikailipa laki nane na themanini. Nililia chooni.

Mpimaji mmoja ndiye aliyeniuliza swali la maana: "Jumapili kinauma?" Akanitia matone, nikakaa kama nusu saa, akasema soma tena. Ubao uleule niliousoma asubuhi, sasa hata herufi za katikati sizioni! Akanieleza kwamba jicho langu linahitaji miwani ya kujumlisha, ila ujanani msuli wa ndani unajikaza na kuficha kasoro. Mbali unaona vizuri, karibu unaona vizuri, lakini msuli haupumziki siku nzima. Matone yanaulegeza, ndipo kasoro inajitokeza. Kulia +1.75, kushoto +1.00. Wiki mbili za mwanzo miwani ilinipa ukungu wa mbali kwa sababu msuli ulikuwa haujazoea kuachia. Nusura niitupe. Baada ya hapo kichwa kikaisha. Kwa hiyo Karani, uliza kama ulitiwa matone.

Bi_Asha: Mimi hivyohivyo, na kila mtu aliniambia ni mawazo.

Dogo_Lenzi: Nunueni miwani ya kuzuia mwanga wa buluu. Ninayo, macho yamepoa.

Fundi_Miwani: Ndugu, mimi naziuza na bado nitasema ukweli. Uchunguzi uliofanywa umeonyesha kwamba hazipunguzi uchovu wa macho. Kinachowasha ni kutopepesa. Kwa kawaida tunapepesa kama mara 15 kwa dakika, kwenye kioo cha kompyuta zinashuka hata chini ya nusu, na nyingine kope hazifiki chini. Machozi yanakauka.

Dogo_Lenzi: Sasa mimi nimepona kwa nini?

Fundi_Miwani: Ulipoinunua ulihamisha pia meza?

Dogo_Lenzi: Feni niliigeuza, ndiyo. Lakini miwani siiachi.

Mwana_Tanga: Jamani msidharau macho. Mama yangu, miaka 58, usiku jicho moja likawa jekundu, kichwa upande uleule kikapasuka, akatapika, akasema taa ina duara za rangi. Sisi tukadhani ni tumbo, tukampa maji ya chumvi na sukari mpaka asubuhi. Hospitali wakakuta presha ya jicho imepanda ghafla. Wakaishusha kwa dawa, kisha wakatoboa tundu dogo kwa leza. Jicho linaona, ila pembeni limepungua. Zile saa za usiku sitazisahau.

Bi_Asha: Mungu wangu! Kwa hiyo kompyuta inaleta presha ya macho?

Fundi_Miwani: Hapana, mama. Hiyo si ya kompyuta, ni mlango wa maji ya jicho kujifunga. Uchovu unakuja taratibu na unaondoka ukipumzika. Maumivu makali ya jicho jekundu na kutapika, au kuona pazia au vimulimuli ghafla, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Na dawa za kuondoa wekundu msizizoee, ukiziacha wekundu unarudi zaidi. Matone ya kulainisha, yanayofanana na machozi, ndiyo mazuri.

Mzee_Kipara: Mimi nina 46, nasogeza simu mpaka mkono umeisha. Nifanye mazoezi ya macho?

Mjukuu_wa_Pangani: Shikamoo mzee. Baada ya 40 lenzi ya jicho inakuwa ngumu, mazoezi hayaisaidii. Pimwa miwani ya kusomea, na waambie kompyuta iko umbali gani, maana miwani ya kitabu haifai kwa kioo kilicho kama sentimita 60.

Karani_Mtaa: Nimeuliza. Sikutiwa matone. Jumamosi narudi, na wamesema nisiendeshe pikipiki siku hiyo. Kioo changu nacho nimekishusha chini kidogo ya macho, na dirisha liko nyuma yangu, mwanga unapiga kwenye kioo. Hilo nalo linaongeza kichwa?

Bi_Asha: Mwanga wa dirisha uliniua mimi. Geuza meza, ukae ubavu.