Faida milioni 14, akaunti ina laki sita. Nikope mashine ya pili?

Mama Sahare: Salaam jamani. Nagandisha barafu hapa Tanga, wateja wangu ni wavuvi na wachuuzi wa samaki wa Deep Sea na Sahare. Mhasibu amefunga hesabu za mwaka ulioishia Juni, ananiambia faida ni 14,400,000. Akaunti ilianza mwaka na 2,100,000, sasa ina 600,000. Nyumbani nimechukua 7,500,000, ada za watoto zikiwemo. Nataka kukopa ninunue mashine ya pili, rejesho ni 650,000 kwa mwezi. Kwa faida hiyo nitaweza? Na hela nyingine iko wapi?

Kijana wa Makorora: Pole dada. Hapo kuna mtu anakuibia. Funga kamera na ubadilishe anayekaa mezani.

Ngamiani Barabara 12: Rahisi tu. Faida toa matumizi ya nyumbani, milioni 6.9. Hiyo ndiyo fedha huru. Rejesho kwa mwaka ni 7.8, umepungukiwa kidogo, ukijibana utalipa.

Mzee wa Hesabu: Kabla hatujamtuhumu mtu wa watu, bibie nijibu mambo matatu. Mhasibu alitoa uchakavu kiasi gani? Wavuvi walikuwa wanakudai au unawadai shilingi ngapi mwanzo wa mwaka, na sasa je? Mwaka huu ulinunua kifaa gani?

Mama Sahare: Shikamoo mzee. Uchakavu 2,400,000. Mimi ndiye ninayewadai, mwaka jana 1,500,000, sasa 5,700,000, wanachukua mali kauli. Kompresa iliungua nikanunua nyingine 5,400,000, na makopo ya kugandishia 1,200,000 kwa sababu maji ya chumvi huyala kwa kutu kila mwaka. Umeme ni LUKU, sidaiwi.

Mzee wa Hesabu: Marahaba. Basi hakuna mwizi. Uchakavu ni hesabu ya kwenye karatasi, hakuna aliyekuja kuuchukua mkononi, kwa hiyo turudishe: 14.4 na 2.4 ni 16.8. Deni la wavuvi limeongezeka kwa 4.2, nayo mhasibu kaihesabu kama mauzo ingawa hujaishika. Inabaki 12.6, ndiyo fedha biashara iliyoingiza kweli. Sasa kompresa na makopo, 6.6. Hizi huzioni kwenye matumizi ya mwaka kwa sababu mhasibu anaigawa bei ya kifaa kwa miaka, lakini muuzaji alitaka zote siku hiyo hiyo. Zilizobaki huru ni 6,000,000. Wewe ukachukua 7.5, ndiyo maana akaunti imeshuka kwa milioni moja na nusu. Inakaa sawasawa na 600,000 yako.

Ndugu wa Ngamiani, matumizi ya nyumbani hayaingii katika kuitafuta hiyo 6.0. Nyumba, mkopo na mashine mpya ndivyo vinavyoigombania ikishapatikana.

Bwana Bagamoyo: Mimi nina jokofu la samaki huku Bagamoyo. Mwaka niliobadilisha injini hesabu ilikuwa mbaya, uliofuata ikang'aa, nikajiona tajiri nikajenga. Kisha injini ikafa tena. Sasa kila mwezi naweka pembeni hela ya injini.

Mama Sahare: Kompresa ya kwanza ilidumu miaka minne. Si kwamba mwakani nitakuwa na nafuu?

Mzee wa Hesabu: Utakuwa nayo, ila usiihesabu yote. Gawa 5.4 kwa miaka minne, ni 1,350,000 kwa mwaka. Pamoja na makopo, toa 2.55 kwenye 12.6, mwaka wa kawaida unakuachia 10,050,000. Nyumbani 7.5, zinabaki 2.55. Rejesho ni 7.8. Kwa hiyo mashine mpya yenyewe ilete 5,250,000 taslimu kila mwaka, baada ya umeme wake na kabla hujaiwekea akiba ya kompresa yake. Ukiuza barafu hiyo nayo kwa mali kauli, deni litavimba na rejesho halisubiri.

Ngamiani Barabara 12: Nimekuelewa mzee. Lakini Juni ni kusi, bahari imechafuka, vyombo vingi vimefungwa. Deni la Juni lazima liwe kubwa, wakianza kuvua watalipa.

Mzee wa Hesabu: Umesema kweli, ila na Juni ya mwaka jana ilikuwa kusi vilevile, na deni lilikuwa 1.5 tu. Bibie, fungua daftari utazame ni nani wanaodaiwa. Wenye mitumbwi ya dagaa hupata hela kwenye giza, mbalamwezi wakapumzika. Anayedaiwa mbalamwezi moja si tatizo. Anayedaiwa tangu kaskazi, akavua giza zote hizo bila kukulipa, huyo mtoe kwenye hesabu.

Mama Sahare: Nimepitia jioni hii. Wawili tu wana 2,900,000, na mmoja ni shemeji yangu, chombo chake kiko juu ya nchi tangu Februari. Hawa wengine nawaamini. Kesho naanza kuchukua nusu taslimu kabla barafu haijapanda kwenye chombo.

Bwana Bagamoyo: Huku tulijaribu nusu taslimu, wakahamia kwa jirani miezi miwili. Wengine walirudi, wengine hadi leo hawajarudi.

Mama Sahare: Hilo ndilo linanitisha. Jirani yangu ana barafu pia.