Mwongozo wa skimu ya umwagiliaji unahesabu zamu yangu maji yakiwa bado banioni!

Wa Mkiani: Wakuu, nimechoka. Mwongozo wetu unasema kila mwanachama masaa 3. Masaa 3 kuanzia wapi? Kimya! Usiku banio hufungwa, mfereji unalala mkavu. Leo zamu ya kwanza ilikuwa yangu. Mgawa maji kafungua saa 12 kamili asubuhi, kaandika kwenye daftari lake, mimi niko mita 2,400 huko chini nimeshika jembe, natazama udongo mkavu. Maji yamefika saa 1 na dakika 20, yanasukuma majani na chupa mbele yake. Saa 3 juu ya alama, jirani wa juu kashusha ubao wake, kaziba mfereji. Dakika 80 zangu zimeunywesha mfereji, na ada nalipa sawa na aliyepakana na banio!

Jembe Butu: Safisheni mfereji, maji yatakimbia. Uvivu tu huo.

Wa Mkiani: Mbele ya shamba langu pasafi, njoo uone. Mwongozo unataka kila mtu asafishe mbele ya shamba lake. Kile kipande kinachopita kwenye mawe hakina shamba, kwa hiyo hakina mwenyewe. Matete yamesimama mpaka kifuani.

Mama Pampu: Hata mimi mafuta ya pampu yananimaliza, afadhali nyie wa mfereji.

Mgawa Maji Mstaafu: Jembe Butu ana hoja, lakini nusu. Hata mfereji ukiwa safi, lazima ujae kwanza, na ukilala mkavu unakunywa zaidi. Sisi muda wa kujaza tuliubeba sote. Siku yenu ina zamu 4, yaani dakika 720. Toa 80 za kujaza, zinabaki 640, kila mtu 160. Saa ya wa kwanza inaanza maji yakigusa mlango wa shamba lake, si banio likifunguliwa. Ila kijana, kuwa mkweli: jirani akishusha ubao, maji yaliyobaki mferejini kuanzia ubao kwenda chini ni ya nani?

Wa Mkiani: Yangu. Lakini robo saa tu yameshuka chini ya kifundo cha mguu.

Mgawa Maji Mstaafu: Basi nayo yahesabiwe. Pimeni siku tatu, wewe na huyo jirani mkiwa pamoja, ndipo mpeleke kwenye mkutano.

Karibu na Banio: Yaani mimi nipunguziwe dakika 20 kwa sababu wewe ulinunua shamba mbali? Hilo halipiti.

Wa Mkiani: Basi zamu ya kwanza izunguke kila wiki, nawe uanze na mfereji mkavu.

Karibu na Banio: Izunguke tu, kwangu maji yanafika dakika 5.

Wa Mkiani: Si ndiyo ninachosema!!