Aina nyingi za wateja: orodha ya bei kwa kila aina, au orodha moja na sheria za punguzo?

Mhasibu_Shangani
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara, ofisi ya msambazaji wa sabuni, mafuta ya kula na unga wa ngano. Tunauzia maduka ya mtaani, wa jumla, shule, machinga, na mawakala wa Masasi na Newala. Mpaka leo bei ziko kwenye Ekseli, nyingine ziko kichwani kwa mzee mwenye kampuni. Tunahamia kwenye ERP, mfumo wa kuendesha mauzo, stoo na hesabu pamoja, na zimebaki mbili mezani, ERPNext na Odoo. Nataka kujua bei zikae wapi: nifungue orodha ya bei kwa kila aina ya mteja, au niwe na orodha moja na mapunguzo yote niyapange kwa sheria?

Mfano wa kweli, bila VAT: katoni ya sabuni ya mche inatusimamia 27,600. Duka la mtaani tunampa 30,000, wa jumla 28,500. Wa jumla akichukua katoni 50 za sabuni, hata akichanganya aina, anapata 2%. Akilipa keshi, 2% nyingine.

Kijana_wa_Ligula
ERPNext ni bure mkuu, utalipia seva tu. Odoo ukitaka ile kamili unalipia kwa kila mtumiaji. Mimi ningeanzia hapo.

Mhasibu_Shangani
Asante kaka, ila gharama ya mfumo tumeshaipigia hesabu. Nauliza bei za bidhaa.

DukaKuu
Orodha kwa kila aina, usijisumbue. Mteja ukishamweka kwenye kundi lake, bei inakuja yenyewe. Hayo mapunguzo mengine andika kwenye Pricing Rule, yaani sheria za bei; zikigongana mbili, ERPNext inachagua yenye punguzo kubwa.

FundiHesabu
DukaKuu, la kwanza uko sawa: kwenye ERPNext unaweka orodha ya bei kwenye Customer Group, na mteja asiye na orodha yake mwenyewe anachukua ya kundi. La pili hapana. Mfumo hautazami punguzo lipi kubwa, unatazama Priority, namba ya kipaumbele uliyoipa kila sheria. Sheria mbili zikilingana, karani anaona ujumbe wa "Multiple Price Rules exists with same criteria" na oda inakwama hapo hapo, mteja kasimama kaunta. Ukitaka zote mbili zifanye kazi, lazima uweke tiki kwenye Apply Multiple Pricing Rules.

Na hapo kwenye tiki ndipo pesa inapovuja. Chukua mfano wa mhasibu, wa jumla aliyechukua katoni 50 kwa keshi:

```
28,500 × 0.98 = 27,930
27,930 × 0.98 = 27,371.40
```

Sabuni inakusimamia 27,600. Umeuza kwa hasara ya takriban shilingi 229 kila katoni, na kila punguzo ukiliangalia peke yake linaonekana dogo. Hiyo ni hesabu ya punguzo juu ya punguzo, ambayo ERPNext inaifanya ukiwa umewasha Apply Discount on Discounted Rate. Usipoiwasha, asilimia zinajumlishwa kuwa 4% na bei inashuka hadi 27,360. Tofauti ni ndogo, lakini mteja mwenye kikokotoo chake atakuuliza.

Kabla ya kuanza kuuza, nenda Selling Settings uwashe ile ya kuzuia bei ya kuuza kushuka chini ya bei ya kununulia au thamani ya stoo. Invoisi ya namna hiyo itakataa. Halafu wiki za mwanzo fungua ripoti ya Gross Profit kwa kundi la wateja. Kundi lenye faida iliyokonda ghafla ndilo lenye sheria zilizopandana.

MamaJumla_Lindi
Sisi tuko Lindi mjini, tunatumia Odoo, maji na soda. Huko hakigongani kitu, kwa sababu kwa kila mstari wa oda inachukuliwa kanuni moja tu ya orodha ya mteja. Inaanza na iliyoandikwa kwa bidhaa yenyewe, ndipo ya kategoria, mwisho ya jumla.

Nilichokipenda ni kwamba orodha inaweza kuzaliwa na nyingine. Orodha ya wa jumla ni "orodha kuu toa 5%", basi. Kiwandani wakipandisha, nabadilisha orodha kuu tu, za chini zinafuata.

Lakini angalia Min. Quantity, idadi ya chini ya kupata bei hiyo. Inasomwa kwa kipimo cha msingi cha bidhaa. Soda zetu zilisajiliwa kwa chupa, kreti ina chupa 24. Kijana aliandika 50 akimaanisha kreti, na mtu wa kreti tatu akawa anapata bei ya mzigo mkubwa. Tuligundua kwa sababu wateja wadogo waliacha kulalamika bei.

Mhasibu_Shangani
Hahaa, dada, hiyo dalili nitaikumbuka. Na je, katoni 30 za mche na 25 za unga wa sabuni, Odoo inazihesabu 55?

MamaJumla_Lindi
Hapana. Kila bidhaa na idadi yake.

FundiHesabu
Hapo ERPNext inashinda kwa kesi yako. Sheria unaiweka juu ya Item Group ya sabuni, unawasha Mixed Conditions, na idadi inajumlishwa. Odoo inashinda kwenye orodha zinazozaana. ERPNext haina hiyo. Orodha zako ukizijaza kwa mkono, bidhaa 400 mara aina tano ni mistari 2,000 ya Item Price, na bei ikipanda unapakia upya kwa Data Import. Watu wengi hukwepa hilo kwa kuandika "wa jumla 5%" kama sheria, na hapo ndipo sheria zinaanza kupandana. Mimi ningevumilia kupakia.

Hiyo 2% ya keshi itoe kabisa kwenye sheria za bei. Mteja anasema keshi, oda inatoka na punguzo, analipa baada ya wiki mbili. Iweke kwenye Payment Terms, yaani masharti ya malipo, yenye siku zake za mwisho. Akichelewa, punguzo halimhusu. Bei yako kwa wa jumla inabaki 27,930, na swali la kama 2% ya keshi inalipika kwa faida ya 330 ni la mzee, si la mfumo.

Wakala_Masasi
Mimi ni mnunuzi, samahani kuingilia. Nyie wasambazaji mnatuongezea 500 kwa katoni mnaita usafiri, hata tukija na gari letu Mtwara. Huo mfumo utalijua hilo?

DukaKuu
Ndiyo maana usafiri usiwe ndani ya bei. Uwe mstari wake kwenye invoisi.

MamaJumla_Lindi
Sikubali. Mteja wa Liwale akiona mstari wa usafiri anaanza kuujadili kila safari. Sisi tuna orodha ya Liwale, bei imeshaingia humo, mjadala umekwisha.

Wakala_Masasi
Umekwisha kwako, mama.

FundiHesabu
Kama kuna wanaojifuatia mzigo, wape orodha ya kuchukulia stoo na karani aibadilishe kwenye oda. Ila mpe karani ruhusa ya kuchagua orodha bila ruhusa ya kuandika bei mwenyewe.

Mhasibu_Shangani
Naelekea ERPNext, kwa ajili ya mzigo mchanganyiko. Orodha tano za kupakia, sheria ya katoni 50 peke yake, keshi kwenye Payment Terms. Kuna ofa ya msimu wa korosho, mzee anataka 1% kwa maduka yote kuanzia Oktoba.

FundiHesabu
Siku hiyo hiyo unayoiandika, jaza na Valid Upto, tarehe yake ya mwisho. Na isiwe na tiki ya Apply Multiple, la sivyo wa jumla wataichukua juu ya 2% yao; ipe Priority ya chini kuliko ya katoni 50, zisigongane.

DukaKuu
Wa jumla wataiomba tu, tiki au bila tiki.