Naomba ushauri: fumbo la irabu lenye majibu matatu sahihi

Wadau wa mafumbo, naomba maoni kuhusu mifupa hii ya konsonanti:

MT MKBW MNGK

Jibu lililokusudiwa ni "mti mkubwa umeanguka". Tatizo, "mtu mkubwa ameanguka" linakaa vilevile, na "miti mikubwa imeanguka" pia. Kiini chake ni ngeli. Viambishi vya upatanisho a-, u- na i- ni irabu tupu, kwa hiyo vinafutika vyote na kitenzi kinabaki MNGK. Wingi wa "watu" usingeleta utata, kwa sababu w- ingebaki: WT WKBW WMNGK.

Nimejaribu kutoa idadi ya herufi. Wingi unatoka (4, 7, 9), ila "mti" na "mtu" zote ni 3, 6, 9. Kutafuta kwenye orodha ya maneno kwa

```
^[aeiou]*m[aeiou]*t[aeiou]*$
```

kunaleta mtu, mti, mto, moto, umati na kadhalika, lakini kamusi haina "umeanguka" kama kidahizo, hivyo upatanisho lazima ukaguliwe kwa jicho.

Naona njia mbili. Ya kwanza, kutaja irabu zilizotolewa bila mpangilio: A3, U3, E1, I1. Hiyo inamwondoa "mtu", maana yeye ana A4 na hana I. Ya pili, kuongeza kionyeshi: "yule" huacha YL, "ule" huacha L. Bahati mbaya "ile" nayo ni L, kwa hiyo wingi unarudi.

Mngechagua ipi? Au mngekubali majibu yote matatu kwa alama sawa?