Mrejesho: ankara nimeipeleka benki, gharama ni hizi

Niliuliza: "Duka kubwa linanilipa baada ya siku 90. Nikichukua pesa benki kwa kutumia ankara, itanigharimu kiasi gani?"

Asanteni wakuu, nimefanya. Kwa ankara ya shilingi 1,000,000 benki ilinipa 800,000, baada ya mnunuzi kuthibitisha kwa barua kwamba atalipa kupitia kwao. Riba ni 2.5% kwa mwezi, yaani 60,000 kwa miezi mitatu, na ada 10,000. Mnunuzi akachelewa mwezi mzima: 20,000 nyingine, juu yangu mimi. Salio nililorudishiwa ni 110,000. Asingelipa kabisa, benki ingenidai mimi, kwa hiyo kipengele hicho kisomeni kabla ya kusaini. Faida ya mzigo ilikuwa 150,000. Zaidi ya nusu imeondoka.